Siagi Nyeupe ya Sekunda

Tusajigwe alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, chuchu mbili za ng'ombe mkononi, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akitukanwa kwa heshima. Aliyekuwa akimtukana ni Bibi Anjelina, mwenye ng'ombe.

"Mwanangu Tusa, hii uliyoniletea ni siagi au ni mshumaa?"

"Ni siagi, mama."

"Siagi ya ng'ombe wangu mie ninaijua. Nilipoondoka Dar mwezi wa nne ilikuwa njano kama kiini cha yai la kienyeji. Nimerudi kutoka Rombo, Didas ananiletea kitu cheupe, nikadhani amepita dukani kununua mafuta ya kupaka. Mkwe wangu amejifungua juzi tu, nimpikie mtori wa ndizi kwa mshumaa?"

Lazima nikueleze makubaliano yao, maana bila hayo utadhani bibi huyu ni mkorofi tu. Ni mkorofi, ndiyo, lakini ana haki. Uchagani, kama huna nafasi ya kufuga, unamweka ng'ombe wako kwa mtu. Mtu huyo anamlisha, anachukua maziwa na samadi; ng'ombe na ndama wanabaki wako. Kwao Tusajigwe, kule Rungwe, nako wanafanya hivyo hivyo, ndiyo maana wanawake wawili hawa walielewana kwa dakika tano tu siku walipokutana msibani. Bibi Anjelina anaishi Mikocheni kwa mwanawe Didas, ambako ua wote unatosha gari moja na kamba ya nguo. Tusajigwe anaishi Boko, ana banda, ana eneo. Sekunda, ng'ombe wa bibi, akahamia Boko. Bibi akaomba jambo moja tu, kopo la siagi kila mwezi. Na sheria ikabaki ile ya mababu: mwenye ng'ombe anaweza kuja siku yoyote, na akikuta ng'ombe wake anateseka, anafungua kamba anaondoka naye. Hakuna mjadala, hakuna baraza.

"Jumamosi nakuja," bibi alisema. "Jovina wa Madale, naye mfugaji, ameniletea siagi yake, yeye bado ana siagi ya kweli. Kama ng'ombe wangu ana njaa kwako, atashiba kwa Jovina."

Simu ikakatika. Sekunda akageuza shingo akamtazama Tusajigwe, akatafuna, akatazama mbele tena.

Tusajigwe aliona roho inamtoka. Watoto wake watatu wameshaolewa na kuoa, nyumba imebaki na mumewe Benjamin na redio yake. Miaka minne sasa kila asubuhi mtu wa kwanza anayemwambia "umeamkaje" ni Sekunda, na Benjamin anafuata baadaye, akiamka. Mtaa mzima unamwita Mama Maziwa. Kamba ikifunguliwa atabaki Mama nani? Na habari zitasambaa: Tusajigwe alimtesa ng'ombe wa watu hadi akanyang'anywa. Aibu hiyo ingefika kwao Tukuyu kabla ya basi.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Sekunda alikuwa mnene. Alinenepa hadi akiingia bandani alikuwa anasita kwanza mlangoni, kama mama mchungaji anayepita katikati ya viti.

Benjamin, mstaafu wa bohari ya serikali, mtu wa nadharia, alilisikiliza tatizo lote huku ananyoa ndevu nje.

"Mama Fla, ishu ni ndogo. Wafuga kuku wanafanyaje kiini kikipauka? Wanabadilisha chakula. Sasa ng'ombe naye ni kuku, tofauti hatagi."

"Baba Fla, sitaki masihara."

"Masihara gani? Siagi ni njano. Karoti ni njano. Mie ninaenda sokoni Tandale."

Karoti si njano, lakini huwezi kumwambia hivyo Benjamin akishavaa viatu. Alirudi mchana na gunia la karoti lililofungwa kwenye pikipiki, karoti zenye udongo, nyingine zina miguu mitatu. Walimmwagia Sekunda kilo tatu nzimanzima. Sekunda alizinusa, akapiga chafya usoni kwa Benjamin, kisha akaanza kuzifakamia kwa namna iliyomtia hofu Tusajigwe.

Ndipo alipofika Talha, afisa mifugo wa kata, binti mwembamba mwenye hijabu ya bluu na mabuti ya mvua, aliyekuja kupima kama Sekunda ameshika mimba. Kabla hajasalimia vizuri alimnyang'anya ng'ombe karoti mdomoni.

"Shikamooni. Jamani, mnataka kumkaba? Karoti nzima inakwama kooni. Zikatwekatwe vipande vidogo. Na mnampa za nini?"

Wakamwambia. Talha alisikiliza huku amevaa glovu ndefu hadi begani, mkono umezama ndani ya Sekunda, uso umetulia kama anayetafuta funguo kwenye mkoba.

"Ana mimba," alisema kwanza. "Miezi mitatu. Sasa siagi. Mama, masika ulikuwa unamlisha nini?"

"Majani mabichi. Nakata kule bondeni, yamejaa tele."

"Na sasa?"

"Sasa bonde limekauka. Nanunua marobota ya nyasi kavu, nampa na pumba, mashudu ya alizeti, na machicha ya bia."

"Basi hapo ndipo rangi ilipokimbilia." Talha alitoa mkono, akavua glovu. "Majani mabichi yana karotini, rangi ya njano hivi. Huioni kwa sababu kijani kinaifunika. Ng'ombe akila, sehemu ya karotini anaigeuza kuwa vitamini A, nyingine inabaki hivyo hivyo, inakwenda kukaa kwenye mafuta yake. Ukimkamua inatoka na mafuta ya maziwa. Nyasi zikianikwa juani, karotini inaungua, inapotea nyingi. Pumba na machicha hazina cha maana. Ng'ombe atatoa wapi njano?"

"Lakini maziwa ni meupe hata masika," Benjamin alidakia, akiona kama amemkamata.

"Meupe kwa sababu mafuta yamesambaa, vitone vidogo vidogo ndani ya maji, kila kitone na ngozi yake. Mwanga unagonga huko unatawanyika, unaona weupe. Ukitikisa, ngozi zinapasuka, mafuta yanashikana yanakuwa bonge, ndipo rangi inajitokeza."

Tusajigwe aliuliza lile lililomkaa moyoni. "Kwa hiyo bibi yuko sahihi? Siagi nyeupe haina nguvu?"

"Nguvu ni ile ile, mama, mafuta ni mafuta. Ya majani mabichi ina karotini zaidi, hilo kweli, na mafuta yenyewe yanatofautiana kidogo. Lakini vitamini A yenyewe haina rangi, kwa hiyo huwezi kuipima kwa macho. Mtazame mbuzi. Anakula majani mabichi yale yale, ila yeye karotini karibu yote anaigeuza, haibakizi. Siagi ya mbuzi ni nyeupe mwaka mzima, na nani amesema mbuzi hana lishe? Njano inakwambia ng'ombe alikula nini. Haikwambii mengi zaidi ya hapo. Huyo mzazi mpeni mchicha na matembele, vina karotini kuliko kopo zima la siagi."

"Na hizi karoti?"

"Zitasaidia. Mngeanza wiki mbili tatu nyuma." Aliwasha pikipiki. "Kwa Jumamosi, mama, njano hutaiona."

Hapo mtu mwenye akili zake angetulia, akamsubiri mgeni na ukweli wake. Tusajigwe alikuwa na akili zake, lakini alikuwa na hofu pia, na hofu ndiyo iliyokuwa inaendesha. Siku nne mfululizo alimkatia Sekunda karoti vipande vipande hadi kidole kikaota sugu. Ijumaa akaengua malai, ile krimu ya juu ya maziwa, akaimimina kwenye dumu, Benjamin akaitikisa sebuleni huku anafuata redio, mapigo ya singeli, hadi miwani ikamtoka. Siagi ikashikana. Wakaichungulia wote wawili.

"Ina unjano," alisema Benjamin.

"Wapi?"

"Ukiitazama kwa pembeni."

Tusajigwe aliitazama kwa pembeni, kwa juu, na kwa kuinama. Ilikuwa nyeupe. Labda ilikuwa nyeupe inayofikiria kuwa njano, lakini bibi wa Rombo hapokei mawazo. Tusajigwe alikwenda jikoni, akafungua kabati la viungo, akatoa manjano.

Aliweka kijiko kimoja. Akakanda. Siagi ikawa na madoa kama uso wa mtu mwenye mabaka. Akaongeza cha pili, akakanda kwa viganja vyote viwili, akakamua maji yote, akaongeza kidogo tena kwa usalama. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja. Siagi ilikuwa njano kiasi kwamba chumba kilionekana giza. Ilikuwa inanuka pilau.

"Mama Fla," Benjamin alinong'ona, akaonja kwa kipande cha mkate, masharubu yakageuka rangi, "hii ukiipeleka wataomba na nyama."

Na mikono! Tusajigwe alitazama viganja vyake akataka kulia. Alichukua sabuni ya mche akasugua. Ikawa balaa juu ya balaa: povu likageuka jekundu, viganja vikawa vyekundu vya kahawia, kana kwamba ametoka kupakwa hina harusini. Akasuuza, akakamulia limao, wekundu ukaondoka na unjano ukarudi pale pale ulipokuwa, umepumzika vizuri. Akasugua tena kwa sabuni. Nyekundu. Limao. Njano. Alirudia mara nne, mwisho akaketi kwenye kiti cha plastiki akicheka kwa hasira.

Bibi Anjelina aliahidi kufika saa nane Jumamosi. Alifika saa tatu asubuhi. Sheria ya mababu haina saa. Alishuka kwenye gari la Didas akiwa na kitenge kipya, fimbo, na mkoba mweusi ambao mdomoni mwake ilichungulia kamba mpya ya katani. Kamba ile Tusajigwe aliiona kabla hajauona uso wa bibi. Didas mwenyewe, mwanamume wa kimo cha mlango na upana wa dirisha, alibaki nyuma ya usukani akila karanga, hataki kuwa shahidi.

"Shikamoo mama." Tusajigwe alipiga goti kidogo, mikono ameificha ndani ya khanga.

"Marahaba. Mbona hunipi mkono?"

"Nina mafua, mama."

"Mafua ya mikono?"

Benjamin akajitokeza kumsaidia mkewe. "Shikamoo mama! Karibu, karibu!" Na masharubu yake yaling'aa njano juani. Bibi aliyatazama kwa muda mrefu.

Walikaa sebuleni. Bibi alifungua mkoba, akaisogeza kamba pembeni, akatoa kopo na kuliweka mezani. "Hii ni ya Jovina. Itazame." Ilikuwa njano nzuri, laini, ya kuvutia, si ya kutisha kama ile iliyokuwa imefichwa jikoni. "Jovina naye yuko Dar hii hii, kiangazi hiki hiki. Yeye ng'ombe wake anapewa nini ambacho wewe humpi wangu? Sasa lete ya kwako."

Tusajigwe alikwenda jikoni. Makopo mawili yalikuwa juu ya meza, moja la pilau, jingine dogo, lenye donge alilolibakiza jeupe bila kitu. Alisimama hapo akipumua. Kisha harufu ikamrudia puani. Si ya kopo lake. Ilikuwa ile aliyoinusa sasa hivi sebuleni, bibi alipofungua kopo la Jovina, harufu nyembamba iliyojificha chini ya harufu ya maziwa. Usiku wa kuamkia hapo alilala nayo mikononi, hawezi kuikosea.

Akavitazama viganja vyake. Akaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba anaweza kumwonyesha bibi ukweli wa siagi ya Jovina, na kwamba hawezi kumwonyesha bila kueleza ameujulia wapi. Akachukua kopo jeupe, kipande cha sabuni ya mche na bakuli la maji ya moto, akarudi.

"Mama," alisema, akitoa mikono ndani ya khanga na kuiweka mezani, viganja juu, njano kama maembe mawili. "Mie ni mwongo. Jana niliogopa utaondoka na Sekunda, nikatia manjano kwenye siagi yako. Liko kopo jikoni, ukilitaka nitalileta tucheke. Hii hapa ndiyo siagi yenyewe, nyeupe. Lakini kabla hujafungua kamba, nipe kijiko kimoja cha ile ya Jovina."

Bibi alisukuma kopo kwa fimbo.

Tusajigwe alikwangulia sabuni kwenye maji ya moto, akatia siagi ya Jovina, akakoroga. Siagi ikayeyuka. Maji yakabadilika polepole, kwanza kama chai ya rangi, kisha yakawa mekundu kabisa. Akachovya na kiganja chake humo. Kiganja kikawa chekundu. Akachota maji mengine, sabuni nyingine, siagi yake nyeupe. Yakabaki maji ya sabuni, ya kufulia soksi.

Nje Didas alisikika akipasua karanga.

"Jovina," bibi alisema mwishowe, taratibu. "Ndiyo maana kila akinisalimia amevaa glovu za kuoshea vyombo. Mie nikasema, huyu dada msafi!"

"Mama, kiangazi hakina majani mabichi, si kwake si kwangu. Rangi inatoka kwenye majani. Yakikauka juani, inapotea. Ng'ombe anashiba, ila hana njano ya kukupa."

"Siagi nyeupe haina nguvu," bibi alishika fimbo yake kwa nguvu. "Mama yangu alisema hivyo."

"Mama, Didas ulimkuza kwa maziwa gani?"

Bibi akanyanyuka kwa fahari, maana swali hili huulizwa kila harusi na kila ubatizo. "Ya mbuzi! Mbuzi wangu mweusi wa Rombo! Maziwa yake nikiyatikisa kwenye kibuyu yanatoa siagi, hakuna siagi kama ile. Mtoto hakuumwa hata siku moja. Mtazame alivyo, anaingia mlangoni kwa ubavu!"

"Na mbuzi alikula nini?"

"Majani mabichi ya mgombani, mwaka mzima."

"Na siagi yake ilikuwa rangi gani, mama?"

Kupitia dirishani, Didas alionekana akijaribu kugeuka ndani ya gari, na gari likatikisika.

"Nyeupe," bibi alisema, kwa sauti ndogo ambayo Tusajigwe hakuwahi kuisikia. "Nyeupe kama karatasi."

Benjamin akakohoa kuficha kicheko, na akashindwa. Bibi akamtazama yeye na masharubu yake, na ghafla naye akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, hadi akaishika meza. "Nikakuogopesha hadi ukampaka na mumeo!"

"Yeye alijipaka mwenyewe, mama, anaonja kila kitu."

Alipotulia, akafuta macho kwa pembe ya kitenge. "Haya. Nimekuja kumwona ng'ombe, nikaanza kutazama makopo. Nipeleke bandani."

Huko alifanya kazi yake kama anavyojua. Alimpapasa Sekunda mbavu, asizipate. Alimtazama macho, kwato, ngozi inayong'aa, akampiga piga kitako kikatikisika. Akaambiwa habari ya mimba, akasema "Asante Mungu" kwa Kirombo na kwa Kiswahili, kila lugha mara moja. Sekunda akamlamba mkono, kisha akanusa mkoba, akaivuta kamba mpya na kuanza kuitafuna.

"Mwachie," bibi alisema. "Sina kazi nayo." Kisha akamgeukia Tusajigwe, fimbo ikamgusa kifuani. "Ila uongo, Tusa. Ng'ombe hatoki hapa, lakini uongo mwingine nitakuja na kamba ya chuma."

"Nimekoma, mama."

Aliondoka na kopo jeupe na fungu kubwa la matembele ya mzazi. Lile la pilau Didas aliliomba mwenyewe.

Vuli ikaja mapema mwezi wa kumi. Bonde likajaa, Tusajigwe akawa anarudi na mizigo ya majani mabichi kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, na baada ya wiki tatu siagi ilishikana ndani ya dumu ikiwa njano, njano ya kweli, isiyonuka kitu ila maziwa. Aliitazama kwa mbele, wala haikuhitaji pembeni. Akajaza kopo la mwezi, akalituma Mikocheni, akakaa akisubiri sifa zake.

Simu iliita jioni ile ile, ya video. Uso wa Bibi Anjelina ulijaa kioo chote, na nyuma yake mvuke wa bakuli la maji ya sabuni.

"Tusajigwe!"

"Shikamoo mama. Umeipata?"

"Nimeipata. Maji hayajabadilika, lakini mie siamini maji peke yake." Uso ukasogea karibu zaidi, likabaki jicho moja. "Nionyeshe viganja."